Kosa Moja, Majina Mawili

Wapo wanaosoma riwaya wakijiuliza anayesimulia ni nani, na kuna nini ambacho hataki tukijue. Mimi nimezoea kusoma hivyo mihutasari ya vikao vya nidhamu. Ni maandishi makavu, yamejaa "mtuhumiwa alieleza" na "kikao kiliazimia", lakini ukiyaweka mawili ubavu kwa ubavu yanaanza kusema yenyewe. Miwili niliyowahi kuisoma kwa makini kuliko yote iliandikwa hapa Kanoni, Karagwe, kwenye stoo ya kukusanyia kahawa, msimu mmoja, na mwenyekiti yuleyule.

Kosa lenyewe lahitaji kuelezwa kidogo kwa asiyeishi kwenye kahawa. Mkulima akileta kahawa yake ya maganda, karani anaipima, anaandika kilo, anampa stakabadhi. Karatasi ile ndiyo pesa yake; malipo yakija, analipwa kwa karatasi. Kwa hiyo stoo ina amri moja isiyo na mjadala: mzigo kwanza mizanini, ndipo kalamu. Ukimwandikia mtu kilo ambazo bado ziko uani kwake kwenye mkeka, kesho anaweza kumuuzia mwingine, au zikapita njia za panya kuelekea Murongo na Uganda, na wewe umebaki na deni kwenye vitabu bila gunia hata moja.

Makarani wawili walivunja amri hiyo. Mwezi Juni, karani mzee, mwenye miaka 11 kazini, alimwandikia mkulima kilo 140 kabla ya kuziona, kwa sababu mkulima alikuwa na mgonjwa na alitaka karatasi ya kukopea. Mzigo ukaletwa kesho yake, ukapimwa, ukatimia. Mwezi Julai, karani kijana, mwenye miaka 2, akamwandikia mama mmoja kilo 95 kwa sababu inayofanana kabisa: ada ya mtoto. Nao mzigo ukaja kesho yake, ukatimia. Hakuna aliyechukua hata shilingi. Mzee akapewa onyo la maandishi. Kijana akafukuzwa kazi.

Nilikuwa nafanya kazi ofisi ileile, upande wa hesabu, na kijana aliniomba niingie naye kikaoni. Sheria inamruhusu. Kanuni za Utendaji Bora, zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinampa mtuhumiwa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kwa hiyo niliketi pale nikiwa na daftari langu, nikaandika kila neno.

Neno lililonishtua lilikuwa moja tu. Barua ya kijana ilisema ametoa "stakabadhi hewa". Kwa Mtanzania neno hewa halihitaji tafsiri. Tumelisikia kwenye wafanyakazi hewa na pembejeo hewa. Ukiitwa mtu wa hewa umeshaitwa mwizi, kikao kinabaki cha kupanga adhabu tu. Nikauliza kama kahawa ilikuwepo au haikuwepo. Nikajibiwa kwamba ilikuwepo, ila "wakati wa kuandika ilikuwa hewa". Sasa hapo, bwana, ubishane vipi?

Baada ya kufukuzwa, kila mtu kijijini alikuwa na swali lilelile: mbona yule mzee hakufukuzwa? Ni swali la haki, lakini lilivyoulizwa kwenye vibaraza lilikuwa halina miguu. Kwamba adhabu mbili zimetofautiana bado hakuthibitishi kwamba kuna aliyeonewa. Kanuni ya 12 inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu, aangalie uzito wa kosa, aina ya kazi, uwezekano wa kosa kurudiwa, na hali ya mfanyakazi mwenyewe: amefanya kazi miaka mingapi, rekodi yake ikoje, ana mazingira gani binafsi. Vitu hivyo vikitofautiana, adhabu zinaweza kutofautiana, tena kwa haki. Kama mzee angesema ukweli siku ileile na kijana angekana mpaka daftari limuumbue, tofauti ingeeleweka. Kama kijana angekuwa amepokea chochote kwa yule mama, tusingekuwa na la kusema.

Lakini kanuni hiyohiyo inasema pia kwamba adhabu ya kuachishwa kazi itolewe kwa namna inayolingana na ilivyotolewa huko nyuma, na inayolingana baina ya wafanyakazi wawili au zaidi waliotenda kosa lilelile. Ukiyasoma mambo haya mawili pamoja, utaona kwamba sheria haimtazami mwajiri kama mizani ya kahawa, isiyojua gunia ni la nani. Inamruhusu atofautishe. Inachomtaka ni aseme kwa nini.

Kwa hiyo swali la vibarazani tukaligeuza. Badala ya "mbona yeye?", tukauliza: ni sababu gani iliyowatofautisha, na iliandikwa lini?

Ili kuuliza hivyo ni lazima umtaje mwenzako. Anayelalamika kwamba adhabu hazikulingana hawezi kusema "wengine huachwa". Lazima aseme ni nani, alifanya nini, tarehe gani, nani aliamua, akapewa nini. Bila hayo mwajiri hana cha kujibu, na msuluhishi hana cha kulinganisha. Hapo ndipo kijana alipokwama, na mimi nilimwelewa. Yule mzee alimwita Tata, na alikuwa amemfundisha kazi. Watu wao wanazikana. Akaniambia, "Siwezi kumtaja Tata ili naye afukuzwe. Afadhali nikae nyumbani."

Hofu hiyo si ya kipuuzi. Wapo waajiri ambao, wakiambiwa wamependelea, hurekebisha kwa kumfukuza na yule wa kwanza, kisha wakaita hiyo haki. Lakini kesi ya mzee ilikuwa imesikilizwa, imeamuliwa, na onyo limetolewa. Kuifufua ili kumwadhibu mara ya pili kwa kosa lilelile kungekuwa uonevu mwingine juu ya ule wa kwanza. Nilimweleza hivyo. Hakushawishika.

Aliyemaliza ubishi ni mzee mwenyewe. Alikuja jioni moja, akaagua kwamba mvua itachelewa, akanywa chai, halafu akatoa bahasha mfukoni. Ndani kulikuwa na barua yake ya onyo pamoja na nakala ya muhtasari wa kikao chake. Akamwambia kijana, "Mwanangu, andika jina langu. Nilichofanya mimi ndicho ulichofanya wewe." Kisha akaaga.

Usiku ule niliiweka mihutasari miwili mezani. Ya kijana ilisema "stakabadhi hewa". Ya mzee ilisema "stakabadhi iliyotangulia mzigo". Kitendo kimoja, kimebatizwa majina mawili. Jina la kwanza limekwisha kuhukumu. La pili linasikika kama kuchelewa kwa basi. Chini ya jina la mzee kulikuwa na aya nzima ya utetezi wake: mkulima alikuwa na mgonjwa, mzigo ulifika, hakuna hasara. Chini ya la kijana utetezi ulikuwa mstari mmoja: "Mtuhumiwa aliomba asamehewe." Ada ya mtoto haikuandikwa. Kwamba mzigo ulifika haikuandikwa. Kwenye daftari langu vyote vilikuwepo, kwa sababu alivisema.

Na hakuna mahali popote, katika karatasi hizo zote, palipoandikwa kwa nini wawili hawa wanatofautiana.

Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Tukajaza fomu namba moja ya Tume, jina la mzee likiwa ndani, tukapanda gari kupitia Kyaka mpaka Bukoba. Mbele ya msuluhishi ndipo tuliposikia sababu kwa mara ya kwanza: mzee ni mtumishi wa muda mrefu, miaka yake 11 ndiyo iliyomwokoa.

Sababu hiyo si mbaya. Utumishi mrefu umetajwa kwenye kanuni yenyewe. Tatizo lake lilikuwa mawili. Kwanza, ilizaliwa Bukoba. Kama ingekuwa ndiyo iliyoamua mambo, ingekuwa kwenye muhtasari wa Juni au wa Julai. Sababu inayokuja baada ya uamuzi hufanya kazi ya wakili tu. Pili, ilikata pande zote. Kwenye bahasha ya mzee kulikuwa na maneno "pamoja na onyo ulilopewa msimu uliopita kwa jambo kama hili". Hata tukikubali kwamba onyo lile limeshazeeka, lilionyesha kwamba anayeijua amri zaidi ndiye aliyeadhibiwa kidogo, na asiye na doa ndiye aliyefukuzwa. Msuluhishi aliuliza swali moja kuhusu hilo, na upande wa pili ukaomba mapumziko.

Niseme na mipaka yake, maana hoja hii hutumiwa vibaya. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa ya Kazi ya Afrika Kusini, katika shauri la chama cha SACCAWU dhidi ya kampuni ya Irvin & Johnson, ilionya kwamba ulinganifu ni sehemu ya haki, na haujitegemei kama sheria peke yake. Mwajiri aliyewahi kukosea kwa nia njema kwa kumhurumia mmoja halazimiki kurudia kosa hilo kwa kila atakayefuata. Nakubaliana nayo. Kama mzee angekuwa ameiba na akaachwa, kijana aliyeiba asingeweza kujificha nyuma yake. Hoja yetu ilisimama kwa sababu onyo la mzee halikuwa huruma iliyopotoka. Lilikuwa adhabu inayofaa kwa kosa lile. Kilichozidi kipimo ni adhabu ya pili.

Shauri halikufika kwenye uamuzi. Waliafikiana kwenye usuluhishi: kijana akalipwa kiasi walichokubaliana, akapewa cheti cha utumishi, barua ya kufukuzwa ikaondolewa. Kazini hakurudi, na hakutaka kurudi. Mzee aliendelea na mizani yake mpaka msimu ukaisha, na hakuna aliyemgusa.

Ofisi nayo ilibadilisha jambo moja dogo. Sasa kuna daftari la adhabu lenye safu za tarehe, kosa, utetezi na adhabu, na kosa huandikwa kwa maneno ya amri iliyovunjwa, si kwa jina la kubuni. Kabla mwenyekiti hajatia saini anatakiwa afungue kurasa za nyuma atafute kosa kama hilo. Safu ya mwisho imeandikwa "Sababu ya kutofautisha". Akiiacha wazi, adhabu lazima ifanane na ile iliyotangulia.