Ili nani afungue?

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwandikia bosi kwa Kiingereza: "I left the key with the guard to open the store." Kichwani nilikuwa na Kiswahili changu: nimemwachia mlinzi ufunguo ili nifungue stoo asubuhi. Kesho yake nikachelewa, na aliyefokewa ni mzee wa watu, mlinzi. Bosi alikuwa ameelewa kwamba kufungua ni kazi yake.

Kosa lilikuwa langu. "Nifungue" inambeba mtendaji wake mgongoni. "To open" haibebi mtu, msomaji ndiye anayemtafuta, na mara nyingi humwangukia aliye karibu. Nilipaswa kuandika "so that I could open the store", mtendaji akae wazi.

Tukishaiogopa "to", wengi tunakimbilia "in order to". Lakini jirani akikwambia anaenda dukani "in order to buy bread", si utadhani anasoma barua ya serikali! Hapo "to buy" inatosha kabisa, maana anayeenda ndiye anayenunua. Hiyo ndefu mimi naiweka kwenye ripoti, au pale pa kukanusha: natembea kwa kunyata "in order not to wake the baby".

Siku hizi kabla ya kutuma barua najiuliza kwanza: hapa nani anafanya? Mzee nilimwomba radhi, akacheka tu. Mimi sikucheka.