Samaki Waliokufa Alfajiri: Haikuwa Sumu

Vikundi vyetu vingi hapa uwanda wa Ruzizi sasa vina bwawa la samaki, na jambo moja limeanza kuleta maneno mabaya kati ya majirani. Samaki wanakufa usiku, asubuhi wanaelea tumbo juu, na kabla ya saa sita mtu ameisha kutajwa kuwa ametia sumu. Mwaka jana neno hilo lilimwangukia mama mjane ambaye shamba lake la mihogo liko juu ya bwawa la kikundi jirani. Wamama wa kikundi hicho waliniita kwa sababu nafundisha biolojia, na shefu wa kijiji alikuwa ameisha kusema atawakutanisha watu jioni. Nilikwenda mbio, maana katika mambo ya sumu mkutano wa jioni unaweza kuishia pabaya.

Bwawa lao lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, yaani are 2. Tilapia wengi walikuwa wanaelea, na karibu wote walikuwa wale wakubwa. Kwenye ukingo, wadogo walikuwa wamejipanga juu ya maji, midomo wazi, kama watoto wanaongoja uji. Chura walikuwa wanaruka kama kawaida. Niliuliza: «Na kambale?» Maana walikuwa wameweka kambale wachache ili wale vitoto vya tilapia. Kijana mmoja akaingiza wavu, akatoa kambale watatu wazima, wanapiga mkia kwa nguvu.

Hapo nilijua la kumwambia shefu. Sumu haichagui. Ingetiwa sumu, tungeona wakubwa na wadogo pamoja, kambale, wadudu wa maji, pengine na chura. Lakini kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, na chura mkubwa anapumua kwa mapafu. Waliobaki hai ni wale wasiotegemea hewa iliyo ndani ya maji, pamoja na samaki wadogo, ambao wanatosheka na ule utando mwembamba wa juu unaogusana na hewa. Wakubwa wanahitaji pumzi nyingi zaidi, kwa hiyo wanatangulia kufa. Samaki hawa walikosa oksijeni.

Shefu aliuliza swali zuri: «Mwalimu, maji yamejaa, hayajapungua hata kidogo. Oksijeni imekwenda wapi?»

Nilimjibu hivi. Lita moja ya maji ya joto kama haya yetu, ikishiba, inabeba kama miligramu 7 au 8 tu za oksijeni. Nyingi yake haitoki kwenye upepo wala kwenye mfereji. Inatengenezwa na ule ukijani wa maji, vimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Mchana, jua likiwaka, vimea hivyo vinatoa oksijeni. Jua likizama vinaacha kutoa, navyo vinaanza kuivuta kama samaki. Tope la chini, lenye chakula kilichobaki na kinyesi kinachooza, linavuta vilevile usiku kucha. Kwa hiyo oksijeni inakuwa nyingi saa tisa ya mchana na inafika chini kabisa alfajiri, kabla jua halijatoka. Tilapia anakula na kukua vizuri ikiwa juu ya miligramu 3, na bora ifike 5. Chini ya 1 anavumilia muda mfupi tu. Wiki ile mawingu yalikuwa yamefunika siku tatu mfululizo. Mchana ukijani haukutengeneza kitu cha kutosha, na usiku wote walikunywa kutoka kwenye akiba ndogo.

Lakini mawingu yalikuwa yamefunika mabwawa yote, hata letu, na letu halikupoteza samaki. Kwa hiyo niliomba daftari la kikundi.

Daftari lilionyesha kwamba walikuwa wameweka vifaranga 1,000 katika mita za mraba 200. Hiyo ni samaki 5 kwa kila mita. Sisi katika bwawa la ukubwa uleule tuliweka 400, yaani 2 kwa mita, na wamama wengine walitucheka kwamba tunafuga maji. Bwawa lisilo na mashine ya kupuliza hewa, linalolishwa pumba na samadi kama haya yetu, linatosha kwa samaki 2, pengine 3, kwa mita ya mraba. Na tilapia ana tabia moja ya kuangalia: akifika miezi mitatu anaanza kuzaa. Ukiweka 1,000, baada ya miezi mitano hujui tena una wangapi. Kambale wao wachache hawakuweza kula vitoto vyote hivyo.

Tena kwa sababu samaki walikuwa wengi na hawakui, mtu alisema wana njaa, wakaongeza chakula. Walikuwa wanatupa karibu kilo 3 kila siku. Hapo ndipo shida ilipokuwa kubwa zaidi. Wafugaji wa bwawa lisilo na mashine wana mpaka ambao ni vizuri tuukariri: chakula kisipite kilo 40 hadi 50 kwa hektari kwa siku. Kwa are 2, ni kilo moja basi. Kila kilo inayopita hapo, iliwe au isiliwe, mwishowe inaoza au inakuwa kinyesi, na kuoza kunakula oksijeni. Wamama wale waliona wanalisha samaki, lakini kwa kweli walikuwa wanalisha tope.

Niliingiza mkono ndani ya maji nikiwa nimenyoosha vidole. Vidole vilipotea kabla maji hayajafika kwenye kifundo cha mkono. Maji yakiwa mazito namna hiyo, ukijani umepita kiasi, na usiku ukijani huo ni mdomo mwingine wa kulisha hewa. Njia nzuri zaidi ni kufunga sahani nyeupe kwenye kijiti na kuishusha polepole. Ikipotea karibu na sentimita 30, ni vizuri. Ikipotea kabla ya 20, acha samadi na upunguze chakula. Ikionekana mpaka kupita 45, maji ni maskini, unaweza kuongeza samadi kidogo.

Asubuhi ile tulifanya mambo matatu. Hakuna aliyetupa chakula, maana samaki anayekula anahitaji pumzi zaidi. Tulifungua mfereji wa kuingiza maji, tukaweka mawe na bati lenye matundu ili maji yaanguke kwa kurukaruka na kuchanganyika na hewa. Na tulifungua bomba la chini ili maji ya karibu na tope, yale yenye hewa kidogo kabisa, yatoke kwanza. Saa tatu, jua lilipotokea, wadogo walikuwa wameshuka chini. Mkutano wa jioni ulifanyika, lakini shefu aliwaonyesha watu kambale ndani ya ndoo, akaeleza mwenyewe. Mama mjane alikuwepo. Alirudi nyumbani kwake akisindikizwa na wamama wa kikundi kilekile.

Sasa nataka tutazame faida, kwa sababu hata wasingekufa, wamama wale walikuwa wanapoteza. Kuna hesabu moja ambayo kila mweka hazina aijue: kilo za chakula ulizotoa, gawanya kwa kilo za samaki zilizoongezeka. Usihesabu uzito wa vifaranga ulivyonunua, hizo kilo hukuzitengeneza.

Bwawa letu: vifaranga 400 vya gramu 10 ni kilo 4. Baada ya miezi sita tulivua samaki 350 wa gramu 160, jumla kilo 56. Zilizoongezeka ni kilo 52. Chakula chote kilikuwa kilo 104 za pumba za mchele, soya ya kukaanga na unga wa ndagala. Gawanya 104 kwa 52, unapata 2. Kilo mbili za chakula zimetupa kilo moja ya samaki.

Bwawa lao: vifaranga 1,000 vya gramu 10 ni kilo 10. Waliobaki walivuliwa wakiwa kilo 40, wengi wembamba wa kiganja. Zilizoongezeka ni kilo 30. Chakula kilikuwa kilo 210. Gawanya 210 kwa 30, unapata 7. Tuseme kilo ya chakula ni franka 1,500. Kilo yetu ya samaki imekula franka 3,000, yao imekula 10,500, na hakuna soko litakalorudisha pesa hiyo. Pesa yenyewe ilikuwa ya likelemba.

Hesabu hiyo haingoji siku ya kuvua. Sisi tunaifanya kila wiki mbili. Tunavua samaki 20 kwa wavu, tunawapima pamoja ndani ya ndoo yenye maji, tunatoa uzito wa ndoo na maji, halafu tunawarudisha. Mara moja walikuwa kilo 1.2, yaani gramu 60 kila mmoja. Tulikadiria samaki 360 wazima, jumla karibu kilo 21 na nusu. Kwa umri huo tunatoa asilimia 3, yaani kama gramu 650 kwa siku, nusu asubuhi saa tatu, nusu saa tisa. Hatulishi alfajiri wala jioni, wakati hewa ni kidogo au inaanza kupungua. Tunatupa mahali pamoja, na chakula kikibaki baada ya robo saa, kesho tunapunguza. Siku ya mawingu mazito tunatoa nusu. Ikiwa mgawo wa asilimia 3 umepita kilo moja, hatufuati asilimia tena, tunabaki kwenye kilo au tunavua wakubwa tuwauze.

Kikundi jirani kiliondoa maji, kikakwangua tope, kikaanza upya na vifaranga 400. Wamepanga zamu: mama mmoja anapita kwenye bwawa kila siku saa kumi na moja ya alfajiri akiwa na tochi. Akikuta midomo juu ya maji, anafungua mfereji na kuwaamsha wenzake. Akikuta samaki wamekufa, jambo la kwanza analotafuta ni kambale, kabla ya kutaja jina la mtu.