Barua ya kufunga akaunti ya beti: usiwaambie wafute kila kitu

Wasee, hii posti nimeichelewesha wiki tatu juu ya aibu. Wengi wenu mnajua niliacha kampasi mwaka wa pili, na kila mkiniuliza kwa komenti huwa nasema ni mambo ya karo. Si uongo. Karo ilikuwepo. Niliituma mwenyewe kwa peibili ya kampuni ya kubeti, soo mbili leo, ngiri kesho, mpaka ikaisha.

Hiyo stori nitawapea siku nyingine. Leo naongea juu ya barua moja niliyoandikia hiyo kampuni, kwa sababu nimegundua watu wengi wanataka kutoka lakini hawajui waombe nini. Mimi pia sikujua. Nilijaribu mara tatu kabla ya kuandika ile barua, na kila mara nilikuwa nimeomba kitu kisichofaa.

Mara ya kwanza nilifuta apu tu. Hiyo ni sawa na kufunga macho ukidhani hauonekani. Akaunti ilikuwa bado iko, meseji zilikuwa zinaingia kila Jumamosi asubuhi, na apu inarudi kwa simu ndani ya dakika moja.

Mara ya pili niliambia kastama kea kwa chati, "naomba mfunge akaunti yangu." Wakafunga, tena haraka. Wiki mbili baadaye, saa saba usiku, niliweka namba na paswadi yangu ya zamani. Ikafunguka. "Karibu tena", na bonasi ya shilingi 100 juu. Kumbe kwao kufunga kulimaanisha kulaza. Ukigonga mlango, akaunti inaamka.

Mara ya tatu nikaingia kwa ile sehemu ya chini kabisa ya tovuti imeandikwa `Responsible Gambling`, nikajizuia siku 30. Hiyo kidogo ilikuwa na nguvu, namba yangu ilikataa kabisa. Siku ya 9 nikasajili akaunti mpya na laini yangu ya pili. Walikuwa wamezuia namba ya simu. Mimi hawakunizuia.

Hapo ndipo nikaamua kuandika barua pepe rasmi. Kwanza nilitoa statimenti ya M-Pesa ya miezi saba, nikajumlisha kila kitu kilichoenda kwa ile peibili. Ilitoka 41,300. Iliyorudi ilikuwa 9,850. Nilikaa nikaangalia hiyo kalkuleta ya simu mpaka skrini ikazima. Halafu nikaandika kwa hasira: fungeni akaunti zangu, futeni jina langu, namba zangu, kitambulisho, historia, kila kitu, nisionekane tena kwa mashine zenu.

Sistangu anafanya kazi saiba, anajazia watu fomu kutwa nzima. Nilimpelekea aniprintie nakala. Akaisoma hapo kwa kaunta.

"Wakifuta kila kitu, ukirudi watakujuaje?"

"Si nimesema sirudi."

"Ulisema hivyo pia mwezi jana. We kijana, hii barua inawaambia wakusahau. Mtu akikusahau si anakukaribisha kama mgeni?"

Nilinyamaza, kwa sababu ni ukweli. Barua yangu ilikuwa inaomba vitu viwili vinavyopigana. Ili kampuni inikatalie kesho, lazima iweke kitu cha kunitambulisha. Ikifuta mpaka namba ya kitambulisho, orodha ya waliojizuia haina mimi, na nikija na laini mpya mimi ni mteja mpya mwenye haki ya bonasi ya kukaribishwa. Na kwa wale watu wa bonasi, mteja mpya ndiye mtamu zaidi.

Kwa hivyo tukaiandika upya pale pale, tukipisha watu wa kuprinti. Niliituma kwa Kiingereza, lakini maana yake ni hii:

"Mimi ni mwenye akaunti zilizosajiliwa kwa namba hizi mbili, na namba yangu ya kitambulisho ni hii. Naomba mambo manne, kwa mpangilio huu.

Moja, nitumieni salio lililobaki, shilingi 63, kwa M-Pesa ya namba ya kwanza. Sina beti inayosubiri matokeo.

Mbili, nizuieni kucheza kwenu bila kikomo, kwa kutumia namba ya kitambulisho na si namba ya simu peke yake. Kama mfumo wenu hauruhusu bila kikomo, wekeni muda mrefu zaidi mlio nao na mniandikie tarehe unapoisha. Nikiomba kufunguliwa kabla ya hapo, msinifungulie, hata ombi likitoka kwangu mwenyewe.

Tatu, fungeni akaunti zote mbili kabisa, na muache kunitumia matangazo ya aina yoyote kuanzia leo.

Nne, futeni data yangu yote ambayo hamhitaji tena: historia ya michezo, taarifa za kifaa changu, mahali nilipo, na chochote mnachotumia kunilenga na ofa. Bakisheni tu namba ya kitambulisho na namba za simu kwa ajili ya kunizuia, na rekodi ambazo sheria inawalazimu kuweka. Mniambie ni rekodi gani, kwa sheria gani, na kwa muda gani. Kama mlipatia kampuni nyingine data yangu, wajulisheni pia wafute."

Basi. Hakuna kulia, hakuna stori ya karo. Sistangu alifuta aya nzima niliyokuwa nimeeleza maisha yangu. Alisema hiyo pia ni data, na mimi ndiye nilikuwa naitoa bure.

Sasa, huo mpangilio si wa urembo. Salio linatangulia kwa sababu akaunti ikishafungwa huwezi kuingia kutoa pesa, na salio dogo kama langu huwa chini ya kiwango cha kutoa, kwa hivyo unajikuta ukisema "wacha niicheze tu iishe." Mnajua hiyo inaendaga wapi. Kuzuiwa kunatangulia kufutwa ili wasianze na kufuta halafu wakose pa kukuzuia.

Nguvu ya hilo ombi la nne inatoka kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 40 ndicho kinakupa haki ya kuomba data ifutwe kama hawana tena idhini ya kuwa nayo au haihitajiki, na ndicho kinawataka wachukue hatua za kuwajulisha wengine waliopewa. Kanuni za 2021 zimewapa siku 14 za kujibu ombi la kufuta. Tena biashara ya kamari ni moja ya zile ambazo lazima zijisajili na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC, hata kama ni ndogo. Kwa hivyo usitume kwa chati. Fungua ukurasa wa `Privacy Policy`, utafute anwani ya afisa wa ulinzi wa data, na uweke kastama kea kama nakala tu. Tuma kutoka kwa barua pepe ile ile uliyosajilia, kama uliweka, la sivyo watakuambia hawajui kama ni wewe.

Lakini haki hiyo ina mwisho. Huwezi kulazimisha wafute rekodi za malipo kesho. Sheria ya Taratibu za Kodi inataka mfanyabiashara aweke rekodi zake miaka 5, na watakutajia hiyo. Hapo hakuna vita. Kupinga matangazo ndiko hakuna mjadala: ukikataa data yako itumike kukutangazia, wanapaswa kuacha, hawana sababu ya kukupa.

Niwaambie ilivyoenda. Siku ya 2, kastama kea walinijibu kwamba wanasikitika kunipoteza na wameniwekea bonasi nifikirie tena. Nilikuwa kwa matatu. Manze, kidole kilitetemeka. Sikufungua apu, nilijibu kwa mstari mmoja, kwamba hilo ndilo tangazo nililoomba lisitumwe, na ombi langu bado linahesabiwa kutoka tarehe ya kwanza. Siku ya 5 wakaitisha picha ya kitambulisho. Nilituma upande wa mbele tu, nikaandika juu ya picha yenyewe "kwa ajili ya kujizuia na kufuta data pekee" pamoja na tarehe. Sistangu ndiye alinifunza, anaona kopi za vitambulisho vya watu zikitupwa ovyo kila siku.

Siku ya 11 afisa wa data mwenyewe akajibu. Muda mrefu zaidi walio nao ni miaka 5, na tarehe ya mwisho ameiandika. Rekodi za malipo zinabaki kwa ajili ya kodi. Kitambulisho na namba mbili zinabaki kwa orodha ya waliozuiwa. Vingine vimefutwa. Zile bob 63 ziliingia jioni hiyo.

Kujua kama wamefanya ukweli ni kazi nyingine. Sikutaka kujipima mwenyewe, kwa sababu mtu anayejaribu mlango anaweza kupata umefunguka. Sistangu ndiye aliweka namba ya kwanza kwa kompyuta ya saiba, ikakataa. Ya pili, ikakataa. Halafu akajaribu kusajili laini mpya niliyonunua hiyo siku, na kwa akaunti mpya wanaitisha kitambulisho kabla ya kuweka pesa. Alipoweka changu, ikakataa, ikasema niwasiliane na kastama kea. Hiyo laini nilimwachia yeye.

Upande wa data huwezi kuchungulia ndani ya mashine zao. Unachoweza ni kuomba tena, baada ya miezi kadhaa, nakala ya data yote waliyo nayo juu yako. Hiyo pia ni haki yako chini ya sheria hiyo hiyo. Ikija na historia ya michezo ambayo walisema wamefuta, una ushahidi wa kupeleka ODPC, ambao wana siku 90 za kumaliza uchunguzi wa malalamiko. Bila barua zenye tarehe ungekuwa na maneno tu, ndiyo maana sikutumia chati.

Siku ya 16, Jumamosi, meseji moja ya ofa iliingia, jina la mtumaji tofauti lakini kampuni ile ile. Nimeipiga skrinshoti na kuituma kwa afisa wa data nikimuuliza ni nani mwingine walimpa namba yangu. Bado nangoja jibu. Na kuna kampuni nyingine mbili ambazo nilikuwa na akaunti, kwa sababu hii barua inazuia mlango mmoja tu. Zao nimeshaziandika, sistangu ataziprinti Jumatatu.