Orodha ya salongo: jina la anayekuja na jina la anayemshika mkono

Karatasi ya salongo ya kartiye yetu imebandikwa tena ukutani, na wengi wameuliza kwa nini mbele ya kila jina kuna jina la pili, na kwa nini majina mengine yameandikwa kwa wino mwekundu. Tumeona vema tueleze hapa jinsi tunavyoipanga, ili kila mmoja ajue jina lake limewekwa pale kwa sababu gani. Majina yenyewe yabaki ukutani. Humu tutaitana kwa kazi zetu.

Salongo ni neno la zamani katika Kongo yetu, na sisi tulio watu wazima tunalikumbuka tangu wakati wa Mobutu: Siku ya Posho asubuhi watu wanatoka na majembe. Hapa Baraka kazi yenyewe ni mtaro. Maji ya mvua yanatoka upande wa milima, yanapita katikati ya nyumba, na yanatafuta ziwa Tanganyika. Mtaro ukiziba, maji hayo yanapita kwenye vyoo vyetu kwanza, ndipo yanafika pale tunapoteka maji ya kunywa na kuogesha watoto. Fizi ni kati ya sehemu za nchi ambako kipindupindu hakiishi kabisa. Kwa hiyo mtaro unatakiwa kuwa wazi kabla ya mvua za mwezi wa tisa na wa kumi, na kubaki wazi mpaka mvua ziishe.

Tuko wanawake 20 tuliojitolea. Tumejigawa katika ekipe nne za watu watano. Kila Siku ya Posho zinatoka ekipe mbili na mbili zinapumzika. Ekipe inayotangulia inafanya kazi tangu saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu, na inayofuata inaanza saa moja na nusu mpaka saa tatu. Juma la kwanza ni ekipe ya 1 kisha ya 2. Juma la pili ni ya 4 kisha ya 3. Juma la tatu ni ya 2 kisha ya 1. Juma la nne ni ya 3 kisha ya 4. Hivyo kila mama anatoka mara mbili katika majuma manne, mara moja alfajiri na mara moja jua likiwa limepanda. Hatuhesabu miezi ya kalenda, maana mwezi mwingine una Siku za Posho tano na hesabu ingevurugika. Tunahesabu majuma manne, kisha tunaanza tena.

Zamu ya kwanza inachimba na zamu ya pili inabeba. Wanaotangulia wanaanza chini, upande wa ziwa, wanapanda juu kidogo kidogo, ili maji yaliyolala yapate njia ya kutoka wakati wanachimba. Udongo na takataka wanaviweka hatua moja kutoka ukingo wa mtaro. Wanaofuata wanavipakia kwenye toroli na mabeseni na kuvipeleka kwenye shimo tulilopewa na shefu wa kartiye. Hakuna kinachosukumwa ziwani. Sasa fikiri zamu ya pili isipokuja. Lile tope linabaki ukingoni, mvua ya usiku mmoja inalirudisha ndani, na kazi ya wale watano wa alfajiri imepotea yote. Ndiyo maana wino mwekundu uko kwenye zamu ya pili. Mtu akikosa alfajiri, tunachimba kipande kifupi zaidi, na kipande hicho kifupi kinabaki kizuri. Lakini tope lililokwisha kutolewa halina budi kubebwa siku ileile.

Tuje kwa jina la pili. Kila mama ana mwenzake mmoja katika ekipe inayopumzika siku anayofanya kazi. Ekipe ya 1 imeshikana na ya 3, na ya 2 imeshikana na ya 4. Mwenzako anajulikana kwa jina, na amekubali kwa mdomo wake mbele yetu kabla jina lake halijaandikwa. Kuandika tu kwamba atakayekuwa na nafasi atakuja ni sawa na kutoandika kitu, kwa sababu kila mmoja atafikiri mwingine anakwenda. Ukiwa na shida, unamwambia mwenzako kabla ya Ijumaa jua kuzama, wewe mwenyewe, kisha unamjulisha kiongozi wa ekipe yako. Siku ya Posho inayofuata unakwenda mahali pake. Deni la mikono linalipwa kwa mikono.

Jambo la lamande lilitupa maneno mengi. Wako waliotaka anayekosa alipe faranga. Wengine wakasema, mwenye duka atalipa kila juma na hatutamwona tena mtaroni, na mama anayeuza sombe kwa bakuli atakosa mara moja na aibu itamzuia kurudi. Tukaona maneno hayo ni kweli. Faranga hazibebi tope. Tumekubaliana deni lisifutwe wala lisiuzwe, lihamie mbele tu mpaka lilipwe.

Kupanga wenza kunataka akili kuliko kugawa ekipe. Wanaotoka katika jamaa moja hatuwaunganishi, maana kilio kimoja kitawachukua wote wawili. Vivyo hivyo wauzaji wawili wa ndakala hawawezi kusaidiana, kwa sababu mwezi wa angani unawaita pamoja. Wavuvi wetu wanavua ndakala kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi mingi inalala. Usiku wa giza ukipita, alfajiri wanawake hawa wako ufukweni wanapokea samaki na kuwatandaza wakauke. Hakuna mtu mwenye akili atakayewaambia waache samaki waoze kwa ajili ya salongo. Kwa hiyo tumewaweka wote katika ekipe ya 4, na orodha tumeianzisha ili juma la pili, ambapo ekipe hiyo inatangulia alfajiri, liangukie mwezi mkubwa. Juma la nne ni la giza, nao wanafika saa moja na nusu, samaki wakiwa wamekwisha kutandazwa. Wenza wao katika ekipe ya 2 hawauzi samaki hata mmoja.

Hesabu hii haikai milele. Mwezi wa angani una siku 29 na nusu, na mzunguko wetu una siku 28. Kila mzunguko mwezi mkubwa unachelewa siku moja na nusu juu ya orodha yetu, na baada ya mizunguko mitano umesogea karibu juma zima. Siku hiyo dawa ni rahisi: Siku ya Posho moja tunapumzika wote, na orodha inaanza upya juma linalofuata. Atakayeona karatasi haina jina kwa juma moja asidhani salongo imekufa.

Wenzetu wanaosali Siku ya Posho hawamo katika hao 20. Wao wanatazama vyombo siku ya Alhamisi: mipini ya majembe, mabeleshi, tairi la toroli, glovu zilizotoboka, sabuni na ndoo ya kunawia. Mama mwenye mimba kubwa au mtoto mchanga anaandika daftari na hachimbi.

Kiongozi ana wabadala wawili, na hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa. Kiongozi akikosekana tunapungukiwa vitu viwili: mikono yake, na ufunguo pamoja na daftari. Mwenzake kutoka ekipe nyingine analeta mikono, lakini hajui kipande kile kiliishia wapi wala nani ana deni. Ufunguo na daftari vinakwenda kwa makamu, ambaye yuko ndani ya ekipe ileile na alikuwepo mara iliyopita. Kwa hiyo mbele ya jina la kiongozi mtaona majina mawili.

Tuchukue mfano wa juma la tatu lililopita. Kiongozi wa ekipe ya 1 ni mwalimu, na siku hiyo ekipe yake ilikuwa zamu ya pili, ya kubeba. Ijumaa mchana mtoto wake alishikwa na homa, akampeleka kituo cha afya. Kabla jua halijazama alimpigia simu mwenzake wa ekipe ya 3, mshonaji, kisha akatuma ufunguo na daftari kwa makamu wake, mama wa mboga. Asubuhi mshonaji alifika saa moja na nusu, akashika toroli. Mama wa mboga aliita majina, akahesabu watu watano, akaonyesha wapi pa kuanzia, na saa tatu ukingo ulikuwa mweupe. Juma la nne mwalimu alitoka alfajiri na ekipe ya 3, mahali pa mshonaji. Huko hakuwa kiongozi. Alichimba kama wengine chini ya kiongozi wao, na jina lake katika daftari likapigwa mstari: deni limekwisha.

Kama homa ya mtoto ingeendelea juma la nne, deni lingesogea mpaka mara nyingine mshonaji atakapopangwa. Na kama mshonaji mwenyewe angekuwa kitandani ile Ijumaa, wangefika wanne. Hatutafuti mbadala wa mbadala. Watu wanne au watatu wanafanya kazi na zamu inaendelea. Wakipungua chini ya watatu, kiongozi wa zamu ya kwanza anapewa habari mapema, wanachimba nusu ya kipande, na nusu saa ya mwisho wanabeba wenyewe walichochimba. Homa ya usiku wa manane haisubiri Ijumaa jioni, na aliyepatwa nayo haitwi mvivu.

Juma hili ekipe ya 4 inatangulia na ya 3 inafuata. Njooni na viatu vilivyofungwa na nguo ya kazi, watoto wabaki nyumbani, na kila mmoja anawe kwa sabuni kabla ya kugusa kitu chake cha kula. Ambaye hajalisoma jina la mwenzake, apite ukutani kabla ya Alhamisi. Na kama mwenzako amehama au mmekuwa jamaa kwa ndoa, mwambie kiongozi wako tubadilishe, maana jina la mtu asiyeweza kuja ni baya kuliko nafasi tupu.