Mwalimu wa Zamu, Wasimulie Habari za Atlanta

Kila ukikaribia mtihani wa darasa la saba, simu zetu huku ughaibuni hujaa video za mstarini kutoka nyumbani Tanzania, na kila mwaka hotuba ni ile ile. Mwalimu amesimama kwenye ngazi za ofisi, watoto wamepanga mistari juani, naye anawasomea adhabu. Ukikamatwa na nondo, umefutiwa matokeo. Ukikamatwa unapiga chabo, umefutiwa. Ukikamatwa na simu, polisi. Wazazi wanaisambaza video kwa fahari, eti huyo ndiye mwalimu. Mimi inanikera, na si kwa sababu ya ukali wake. Inanikera kwa sababu hotuba nzima imesimama juu ya sharti moja, kukamatwa, na mtoto mwenye akili anayeisikiliza kwa makini ataondoka na somo moja tu: shika adabu, usikamatwe. Hajaambiwa popote kwamba udanganyifu uliofanikiwa nao una hasara, wala hajaambiwa hasara hiyo ni ya nani.

Huku Marekani nako wana mtindo wao, na sitaki mtu adhani nausifia. Shule nyingi huwapa watoto karatasi ya kiapo cha uaminifu, mtoto anasaini pale chini, mzazi naye anasaini, karatasi inaingia kwenye faili na maisha yanaendelea. Ni upole usiokuwa na meno. Lakini Wamarekani wana kisa kimoja ambacho, kikisimuliwa vizuri mstarini kwa dakika kumi, kingefanya kazi ambayo orodha ya adhabu na karatasi ya kiapo zimeshindwa kuifanya. Kilitokea Atlanta, katika jimbo la Georgia.

Watoto wa Georgia walikuwa wakifanya kila mwaka mtihani wa kuchagua majibu, wa kusiliba viduara kwa penseli kama ule wa darasa la saba nyumbani. Shule zilipimwa kwa matokeo hayo. Zilizopanda zilisifiwa na kupewa bonasi, zilizobaki chini wakuu wake walitishiwa kazi zao. Kwa miaka kadhaa matokeo ya Atlanta yalipanda hadi mkuu wa shule zote za jiji, Beverly Hall, akatunukiwa mwaka 2009 heshima ya msimamizi bora wa elimu nchi nzima. Mwaka huo huo jimbo likaamua kukagua karatasi za majibu kwa ajili ya vifutio. Mashine inayosoma viduara inaona pia kiduara kilichosilibwa kisha kikafutwa, kwa sababu penseli huacha kivuli. Mtoto wa kawaida hufuta jibu moja moja, na mara nyingine hufuta la sawa akaweka kosa. Kwenye madarasa mengi ya Atlanta mashine ilikuta mafuto chungu nzima, na karibu yote yametoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi. Darasa zima haliwezi kubahatika hivyo.

Wachunguzi walioteuliwa na gavana walitoa ripoti Julai 2011: kati ya shule 56 walizochunguza, udanganyifu ulikuwepo katika 44, na walimu na wakuu 178 walihusika. Katika shule moja, walimu walioteuliwa walikaa wiki ya mtihani ndani ya chumba kisicho na dirisha, mlango umefungwa, wanafuta majibu ya watoto na kusiliba upya. Mwaka 2013 watu 35 walishtakiwa. Aprili 2015 baraza la mahakama liliwakuta na hatia 11 kati ya 12 waliofika hadi mwisho wa kesi, tena kwa sheria ile inayotumiwa dhidi ya magenge ya wahalifu. Hall mwenyewe alikana hadi alipofariki mwezi mmoja kabla ya hukumu.

Hapo ndipo mwalimu wetu wa zamu angetaka kumalizia: mnaona, walifungwa! Asimalizie hapo, maana atakuwa amerudi kule kule kwenye kukamatwa. Kisa chenyewe ni cha binti mmoja aliyekuwa darasa la tatu. Kwenye majaribio ya kawaida ya darasani alikuwa wa mwisho kwa kusoma. Ulipokuja mtihani wa jimbo, akapata alama za kuvuka kiwango. Mama yake hakufurahi, alishangaa. Mama anajua mtoto wake anasomaje, kwani ndiye anayemsikia jioni akikwama kwenye sentensi. Akaenda kuuliza, akaambiwa mtoto wake ni hodari wa mitihani. Na kwa kuwa alama zilisema hana tatizo, hakukuwa na sababu ya kumpa msaada wa ziada. Kesi ilipofunguliwa mwaka 2013 mama huyo alisimama mbele ya waandishi wa habari. Binti alikuwa amefika darasa la tisa, yaani kidato cha pili kwa hesabu ya nyumbani, na alikuwa anasoma kwa kiwango cha darasa la tano.

Mtoto huyo hakukamatwa na wala hakufutiwa matokeo. Hakuna aliyemchapa wala kumwita ofisini. Udanganyifu uliofanywa kwa jina lake ulifanikiwa kabisa, na kufanikiwa huko ndiko kulikomwangusha. Alama ya mtihani ni taarifa anayopewa mwalimu wa mwaka unaofuata: huyu anajua, yule hajui, anzia hapa. Ukiibadilisha taarifa, hakuna uliyemdanganya isipokuwa yule anayetakiwa kukusaidia. Shule moja ya sekondari ya chini ya Atlanta, kwa kupanda alama kwa uongo, ilipoteza misaada ya takriban dola 750,000 iliyotengewa shule zenye wanafunzi wanaohangaika, maana kwenye karatasi wanafunzi wake hawakuwa wakihangaika tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia State waliwafuatilia watoto waliobadilishiwa majibu na kukuta kwamba miaka ya baadaye walirudi nyuma, hasa katika kusoma na lugha. Hawakuzama wote, na pengo halikuwa la kutisha kwa kila mtoto, lakini lilikuwepo na lilipimika.

Sasa turudi nyumbani, ambako hatuhitaji hata kusafiri hadi Atlanta. Mwaka 2011 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watahiniwa 9,736 wa darasa la saba kwa udanganyifu. Hao ndio waliokamatwa. Mwaka uliofuata, 2012, serikali ikakiri kwamba miongoni mwa waliopokelewa kidato cha kwanza kulikuwa na maelfu wasiojua kusoma na kuandika. Hao ni wa mtihani ule ule, waliopita. Si wote walioibia, maana kwa kubahatisha unaweza kuangukia majibu sahihi ya kutosha. Lakini nani angewatambua? Karatasi ilisema wamefaulu. Wakakalishwa mbele ya kitabu cha baolojia cha Kiingereza, mtoto asiyeweza kusoma barua ya Kiswahili kutoka kwa bibi yake.

Najua kuna watakaosema vitisho vinafanya kazi, na watanionyesha Kenya. Ni kweli. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A kamili kwenye mtihani wa kidato cha nne, na matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yalifutwa. Mwaka 2016, baada ya waziri Fred Matiang'i kuleta makontena yenye kufuli mbili na kuwabebesha wakuu wa shule dhamana ya karatasi, A zilishuka hadi 141. Mwakenya haukuisha Kenya, lakini ulibanwa. Ila kilichofanya kazi hapo ni kufuli na usimamizi, si hotuba. Kama una kufuli, huhitaji kumtisha mtoto mstarini. Hotuba ni ya mahali ambapo kufuli haifiki: zoezi la nyumbani, jaribio la Ijumaa, mtihani wa ndani unaosimamiwa na mwalimu mmoja kwa watoto tisini. Huko ndiko mtoto anakojifunza kuibia, muda mrefu kabla ya msimamizi wa Baraza kufika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Atlanta waliodanganya ni walimu, mwanafunzi anahusikaje? Anahusika kwa sababu hasara haimuulizi nani alishika penseli. Afute mwalimu chumbani au aangalizie mtoto mwenyewe kwa jirani, taarifa iliyoharibika ni moja na anayebaki bila msaada ni yule yule. Halafu nyumbani nako, tuambiane ukweli, mara nyingi ni watu wazima. Mwaka 2018 Baraza lilifuta matokeo ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, pamoja na ya shule kadhaa za Dar es Salaam na Mwanza, na watoto wakarudishwa Oktoba kufanya mtihani upya. Watoto wa miaka kumi na tatu hawawezi kuvujisha mtihani wa wilaya nzima. Hapa ndipo Atlanta inanivutia, pamoja na kasoro zake zote: kule kizimbani walipandishwa wakubwa, sisi tunaanza na kumfutia mtoto. Kwa hiyo hotuba hii isikilizwe pia na walimu waliosimama nyuma ya msemaji, na kamati ya shule ikiwepo, vizuri zaidi.

La tatu silimalizi, nakiri. Watasema mtihani wa Georgia haukumfungia mtoto mlango wa maisha, lakini darasa la saba na kidato cha nne ni mlango hasa, na maskini anayeukosa anarudi kuchunga au kuuza karanga. Kuna waliopita kwa chabo na leo wana ofisi zenye viyoyozi, na watoto wanawajua kwa majina. Mwalimu asiwakane, maana atachekwa. Aseme tu kwamba mlango ule unafunguka kwenye chumba chenye mitihani mingine, na anayeingia bila kujua kusoma anaingia bila yeyote kujua kwamba hajui. Nani atagharimia miaka minne ya namna hiyo ni swali la sera, na jibu lake haliwezi kutoka mstarini.

Basi, mwalimu wa zamu, ukipata dakika zako kumi kabla ya Septemba, orodha ya adhabu waachie wasimamizi, watairudia siku ya mtihani. Anza na yule binti wa darasa la tatu. Mtaje mama anayemsikia mtoto akikwama jioni kisha anaambiwa mtoto ni hodari. Usilitaje neno udanganyifu hadi umefika kidato cha pili, pale watoto watakapojua wenyewe kwamba binti hawezi kusoma. Kisha waambie kwamba asiyejua ana haki ya kuonekana hajui ili afundishwe, na siku hiyo hiyo uwatajie saa na chumba ambamo utawasikiliza wakisoma.