Siraje kwenye shimizi ya masomo: maji yasitangulie

Mtoto anapaka viatu siraje akiwa amekwisha kuvaa shimizi nyeupe ya masomo. Brosi inateleza, mkono wa shimizi unabaki na alama nyeusi. Mama mmoja wa Katoyi, mjini Goma, anayefulia watu nguo, anasema wengi hukimbilia maji moto. Hapo ndipo wanaharibu: siraje ya kopo ni nta na rangi, na moto unayeyusha nta, rangi inaingia ndani ya uzi.

Yeye anaacha shimizi ikiwa kavu. Anakwangua siraje polepole kwa mgongo wa kisu, anaweka kitambaa cheupe chini ya doa, kisha anagusagusa juu kwa pamba yenye petroli kidogo, ile ya taa, kutoka pembeni kwenda katikati. Anafanyia nje, mbali na mbabula. Kitambaa cha chini kikichafuka anakisogeza. Kisipopokea weusi tena, ndipo anapaka sabuni, anafikicha na kusuuza kwa maji baridi mpaka harufu ya petroli iishe. Mabeseni mawili madogo yanatosha, na kwa familia ya wahami inayohesabu bidoni hilo si dogo.

Javeli haing'oi nta, na weusi wa siraje mara nyingi ni masizi, ambayo javeli haiyafanyi meupe. Kabla ya kupiga pasi anatazama doa juani. Kijivu kikibaki, anarudia petroli, maana pasi ingekigandisha.

Siraje ya maji, ile ya chupa, ni habari nyingine: inataka sabuni na maji baridi palepale, ingali mbichi.