Nipe Mji

Katika mchezo wa vitendawili, anayeshindwa hutoa mji. Mtegaji akipewa mji husimulia alivyofika huko na alivyokirimiwa, kisha ndipo hufumbua. Utotoni tulipeana miji tusiyoijua hata kwa ndoto. Sasa sisi wanne, tuliosoma pamoja chuo cha ualimu, tunapeana miji tunamokaa: mmoja yuko Maskati, mwingine Mombasa, wa tatu London, nami nipo Lupaso. Kila Jumamosi usiku hukutana kwa simu.

Nusura mchezo uvunjike kwa sababu ya saa. Tulipatana saa tatu usiku. Mwenzetu wa London, aliyekwisha kuzoea kuhesabu kwa Kiingereza, akatupigia saa tisa alasiri yake, asitupate. Saa tatu usiku ya huku ni saa nne Maskati. London ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi, na saa moja wakati wa kiangazi, kwani Waingereza husogeza saa zao Machi na Oktoba. Tukaamua kwamba saa ni ya Lupaso. Aliye mbali ndiye afanye hesabu.

Kisha tuliacha kutega kwa maandishi. Majibu yalikuja baada ya siku mbili, sahihi mno, ikawa dhahiri kuwa wajukuu wameulizwa. Tunatumia sauti tu. Lakini sauti huchelewa njiani na wawili hujibu kwa pamoja, basi mtegaji huita jina, na kila mtu hujibu mara moja tu.

Vitendawili vya zamani vilipokwisha, kila mmoja alitakiwa kutunga kipya. Usiku mmoja nikasema:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mama kavaa nyekundu, mwanawe kaning'inia nyayoni."

Wa Maskati akasema jua na mwezi. Wa Mombasa akasema taa na kivuli chake. Wa London akanyamaza, kisha akasema, "Chukua London, mwalimu."

"Nimekwenda London, nikakirimiwa chai ya maziwa. Dukani nikamkuta yule mtoto ndani ya kipakiti, yu uchi, mama hayupo, wala hapana amjuaye mamaye."

"Korosho!" akapiga kelele. "Na mama ni... ni..."

Tukamngoja. Mtu aliyekulia chini ya mikorosho ya Masasi, aliyekuwa akirudi nyumbani na shati lililojaa madoa ya utomvu wake, alikuwa amepotewa na jina la tunda.

"Bibo," nikamwambia.

Akalirudia polepole, mara mbili. "Sina wa kumtajia neno hilo huku," akasema.

Tangu usiku ule tuna kanuni moja zaidi: aliyepotewa na neno hulichukua, na Jumamosi ifuatayo hutega kitendawili ambacho jibu lake huwezi kulieleza bila neno hilo. Alichotutegea yeye kilitushinda sote watatu. Akadai mji, nikampa Lupaso.